SOMO: Mchanga unadondokea mkanda, mota iongeze kani kiasi gani?

Swali hili nimelijibu mpaka vidole vinauma. Naliweka hapa, atakayeuliza tena namtumia linki.

Mkanda umelala sawa na ardhi, unakwenda 2 m/s. Mchanga unadondoka wima juu yake, kilo 25 kila sekunde (tani 90 kwa saa). Tunataka mkanda usipunguze mwendo.

1. Chukua sekunde moja. Kilo 25 zimetua.

2. Zilipokuwa hewani hazikuwa na mwendo wa kwenda mbele. Sasa zina 2 m/s. Momenta imeongezeka 25 × 2 = 50.

3. Kani ni momenta inayoongezeka kwa sekunde: F = v × dm/dt = 50 N.

4. Hapa ndipo nilipochemsha, kwenye mtihani wa majaribio kidato cha sita. Nilipita njia ya nishati: ½mv² ni jouli 50 kila sekunde, mkanda unatembea mita 2, basi 50 ÷ 2 = 25 N. Hesabu safi, jibu bovu. Punje ikitua haishiki mkanda hapohapo. Inateleza kwanza, mkanda unapita chini yake, na msuguano unatoa joto. Mota inalipa wati 100: 50 zinaingia kwenye mwendo wa mchanga, 50 zinapotea kama joto. Ukipata nusu ya jibu la kitabu, umesahau joto. Na usiniletee F = ma eti a ni sifuri. Mkanda hauongezi mwendo, ila kila sekunde kuna mchanga mpya wa kuvutwa kutoka sifuri.

MASWALI

— Mkuu, kwa hiyo ni 25 au 50?
— Soma namba 4.

— Mkanda ukishajaa mchanga, kani si itapanda?
— Ule wa zamani tayari uko 2 m/s, haudai kitu. Unaongeza uzito kwenye rola tu, na hiyo ni hesabu nyingine.

— Mkanda ukiwa unateleza zaidi, joto si litabadilika?
— Swali zuri hili. Fuata kilo moja, g = 10. Msuguano 0.5: kani 5 N, inashika baada ya sekunde 0.4, imeteleza mita 0.4, joto jouli 2. Msuguano 0.25: kani 2.5 N, inateleza mita 0.8, joto jouli 2 zilezile. Kani ikipungua nusu, njia inarefuka mara mbili.

— Mimi niko machimbo ya kokoto. Mdomo wa kumwagia tunauinamisha kuelekea mkanda unakokwenda, mpira wa mkanda hauliki haraka.
— Ndiyo yenyewe, kaka. Mchanga ukifika na 1.5 m/s ya mbele, kinachobaki ni 25 × 0.5 = 12.5 N, na kuteleza ni kidogo sana. Mmeinamisha kiasi gani?
— Kwa macho tu. Ukilala sana, mchanga mbichi unaziba.