Zamu za usiku ughaibuni: hesabu masaa kwa saa ya kwetu, halafu ukate saa sita usiku

Ijumaa moja mchana nipo zangu Shangani hapa Mtwara, joto limekaba, ikaingia voisi ya mpwa wangu anayesoma masters Uingereza. "Mjomba shikamoo, wameniongeza zamu Jumapili, nimepiga hesabu natoka na masaa 19 na nusu, kwa hiyo niko sawa eti?" Akatuma na picha ya rota. Mi nishawahi kufanya kazi za usiku hukohuko miaka ya nyuma, kwa hiyo nikaitazama ile picha mara mbili nikamwambia usikubali kwanza, hesabu yako imelala.

Kwa wasiojua, mwanafunzi wa chuo mwenye viza ya Uingereza, ngazi ya digrii, mwisho wake kwa kawaida ni masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo, na uhamiaji wao wanaihesabu wiki kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, na hakuna kusema wiki hii nimezidisha wiki ijayo ntapunguza ili iwe wastani, hiyo haipo. Sasa zamu inayoanza Jumapili usiku ikaisha Jumatatu alfajiri inakuwa imekanyaga wiki mbili. Hapo ndo vijana wengi wanateleza.

Rota yake ilikuwa hivi, naiandika kama ilivyo kwenye simu yake. Jumapili iliyopita 22:00 mpaka 06:00. Jumatano 18:30 mpaka 00:15. Ijumaa, yani jioni ileile anayoniuliza, 21:45 mpaka 04:30. Na hiyo ya kuongezewa, Jumapili 20:00 mpaka 03:00.

Kwanza urefu wa kila zamu. Watu wanahangaika sana na hili kwa sababu ukitoa 06:00 kutoa 22:00 unapata hasi, ukitumia kalkuleta ya simu ndo unachanganyikiwa kabisa. Njia ya kizungu ni kuongeza 24 kwenye muda wa kutoka, 30 kutoa 22 unapata 8, sawa, inafanya kazi. Ila sisi tuna njia rahisi zaidi na tumezaliwa nayo. Saa ya Kiswahili haikatiki usiku wa manane, inakatika jua likizama na jua likichomoza, kwa hiyo usiku mzima kwetu ni mstari mmoja, saa 1 mpaka saa 12. Muulize mlinzi yeyote wa ghala la korosho hapa, nimeingia saa 4 nimetoka saa 12, atakwambia masaa 8 bila hata kufikiri na wala hajui kama katikati hapo tarehe imebadilika.

Kwa hiyo geuza rota iwe saa za nyumbani. Kuanzia 18:00 mpaka karibu na 00:00 unatoa 18, kuanzia 00:00 mpaka 06:00 unaongeza 6. 22:00 inakuwa saa 4, 06:00 inakuwa saa 12, tofauti 8. Jumatano 18:30 ni saa 12 na nusu jioni, hiyo iandike 0:30 kwa sababu saa 12 jioni ndo sifuri yetu, na 00:15 ni saa 6 na robo, 6:15 toa 0:30 unabaki na 5:45. Ijumaa ni saa 4 kasorobo, yani 3:45, mpaka saa 10 na nusu alfajiri, 10:30 toa 3:45 ni 6:45. Jumapili saa 2 mpaka saa 9, masaa 7. Imeisha, hakuna hasi hata moja.

Zamu ikivuka mapambazuko au magharibi ndo unaongeza 12 kwenye muda wa kutoka. Mfano kuna wanaoingia 20:00 wanatoka 08:00, saa 2 usiku mpaka saa 2 asubuhi, ukitoa unapata sifuri na wewe umekesha mpaka macho mekundu, ongeza 12 ipo. Au 14:00 mpaka 00:30, saa 8 mchana mpaka saa 6 na nusu usiku, 6:30 jumlisha 12 ni 18:30, toa 8 ni 10:30.

Sasa mpwa wangu alichofanya, alijumlisha zamu zinazoanza ndani ya wiki, Jumatano, Ijumaa, Jumapili. 5:45 na 6:45 na 7:00 inakuja 19:30. Hesabu ya kujumlisha iko sahihi kabisa, kosa ni kwamba amehesabu siku alizoingia kazini, wakati viza inaangalia masaa yenyewe yameangukia wapi. Ile Jumapili iliyopita aliingia saa 4 usiku, tarehe ikabadilika saa 6 usiku, kwa hiyo masaa 2 tu ndo ya wiki ya nyuma, na kuanzia saa 6 mpaka saa 12 masaa 6 yote ni Jumatatu ya wiki hii. Hayo 6 hakuyaona. Na hii ya kuongezewa, saa 2 mpaka saa 6 ni masaa 4 ya wiki hii, saa 6 mpaka saa 9 ni masaa 3 ya wiki ijayo.

Jumlisha upya basi: 6:00 na 5:45 na 6:45 na 4:00. Masaa kando dakika kando, 6 na 5 na 6 na 4 ni 21, dakika 45 na 45 ni 90 ambayo ni 1:30, jumla 22:30. Kazidi masaa mawili na nusu. Hata ukimtolea dakika 20 za mapumziko kwenye zile zamu tatu ndefu, ile ya Jumapili iliyopita, ya Ijumaa na hiyo ya kuongezewa, bado 21:30, haponi.

Nikamwambia mpaka Jumamosi utakuwa na 18:30, umebakiza saa moja na nusu tu kabla ya saa 6 usiku wa Jumapili, kwa hiyo ukiitaka hiyo zamu ingia saa 4 na nusu usiku, 22:30 kwa saa yao, sio 20:00. Na yale masaa 3 ya baada ya saa sita yaandike juu kabisa ya wiki inayofuata kabla hujapanga kingine, maana wiki hiyo umeshaianza na 3 hujaamka hata.

Kuna mtego mwingine wa kwetu wa pwani. Ukimwambia mtu wa Mikindani "usiku wa Jumatatu" anaweza kuelewa ule wa kuamkia Jumatatu, maana kwetu siku inaingia magharibi, usiku wa Ijumaa ndo huohuo Alhamisi jioni watu wanasoma Yasini. Msimamizi wa kule akisema Jumatatu usiku anamaanisha inayoanza Jumatatu jioni. Nilishaenda kazini siku moja kabla kwa ajili ya hili, nikasimama mlangoni na baridi ile, hakuna aliyekuwa ananisubiri. Tangu hapo rota naandika tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, na we fanya hivyo.

Ukitaka simu ikufanyie, fungua Google Sheets au Excel, safu ya B muda wa kuingia, C muda wa kutoka, kwa saa za 24, halafu D uweke hii:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Ukiandika C2-B2 peke yake zamu ya usiku inatoa namba hasi, au Excel inakujazia alama za ##### kwenye kisanduku. Hiyo MOD ndo inairudisha kuwa chanya, na 24 inageuza iwe masaa ya kawaida. Kama kisanduku kinaonyesha muda wa ajabuajabu badala ya 8 basi kibadilishe kiwe cha namba. Kwa zamu ya Jumapili iliyovuka saa sita unaikata vipande viwili, cha kwanza cha wiki inayoisha, cha pili cha wiki mpya:

```
=(1-B2)*24
=C2*24
```

Kwa 20:00 mpaka 03:00 utapata 4 na 3. Usitumie hizi mbili kwa zamu isiyovuka saa sita usiku, zitakudanganya.

Sasa mshahara ni habari nyingine. Waajiri wengi wanahesabu zamu nzima kwa siku uliyoingia, kwa hiyo karatasi ya malipo inaweza kuonyesha wiki yenye masaa machache wakati kwa viza umezidi, na hakuna aliyekosea, ni hesabu mbili za kazi mbili. Usitumie karatasi ya mshahara kupima masaa 20. Uwe na daftari lako.

Na ukikagua malipo toa mapumziko yasiyolipwa. Uingereza ukifanya zaidi ya masaa 6 unastahili mapumziko ya dakika 20, ila sheria haimlazimishi mwajiri kuyalipia, wa mpwa wangu halipi. Tuseme angeifanya ile zamu ya Jumapili yote, basi Ijumaa inabaki 6:25, Jumapili 6:40, Jumatano haijafika 6 inabaki 5:45, jumla 18:50. Sasa hapa tulia: 18:50 kwenye mfumo wa malipo haiandikwi 18.50. Dakika 50 gawa kwa 60 ni 0.83, kwa hiyo inatakiwa 18.83. Ukiona 18.50 kwenye karatasi wamekulipa masaa 18 na nusu, dakika 20 zimeyeyuka, na mtu anaweza asigundue mwaka mzima maana namba zinafanana na zake. Nenda na daftari, waonyeshe hiyo ya kugawa kwa 60.

Halafu kuna siku mbili kwa mwaka ambazo usiku wake hata njia yetu ya kugeuza rota inakosea. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wao wanarudisha saa nyuma, ikifika 02:00 inakuwa 01:00 tena, kwa hiyo aliyeingia Jumamosi 22:00 akatoka 06:00 amefanya masaa 9, sio 8. Jumapili ya mwisho ya Machi inaruka mbele, zamu hiyohiyo inakuwa masaa 7. Hapa Mtwara saa haiguswi, ndo maana kiangazi chao tumewazidi masaa 2 na baridi yao tumewazidi 3. Kipimo ni rahisi, geuza muda wa kuingia na wa kutoka kuwa wa Mtwara: 22:00 ya Oktoba, tofauti ikiwa bado 2, ni saa 6 usiku huku, 06:00 baada ya kubadilika, tofauti ikiwa 3, ni saa 3 asubuhi huku. Saa 6 usiku mpaka saa 3 asubuhi hesabu mwenyewe kwa vidole, 9. Mpwa wangu Oktoba ile aliandika 8 kwenye daftari, na kazini wakamlipa 8 vilevile, mpaka tulipokaa naye kwenye simu tukahesabu kwa saa ya huku ndo akaenda kudai ile moja.