Kugawana mapato ya boti ya uvuvi Mtera: gharama ipi itoke kabla ya mgao, ipi abaki nayo tajiri

Watu wengi wa Dodoma mjini wenye boti Mtera hawagombani na wavuvi wao juu ya nusu kwa nusu. Hilo hukubaliwa siku ya kwanza. Ugomvi huanzia juu ya hiyo nusu: ni nini kikatwe kwenye mauzo kabla ya kugawa. Somo hili linafuata hesabu ya wiki moja ya boti moja, tangu mauzo hadi fedha mkononi. Bei nilizotumia ni za mfano, weka za mwaloni kwako.

Boti yetu ina mashine ndogo ya nje, inategea nyavu za perege jioni na kuzitoa alfajiri. Ina nahodha na wavuvi watatu. Boti, mashine na nyavu zote ni za tajiri. Makubaliano: gharama za safari zikitoka, kinachobaki ni nusu ya tajiri na nusu ya wavuvi.

Hatua ya 1: Tenganisha gharama za safari na gharama za chombo

Jiulize swali moja kwa kila gharama: boti isingetoka usiku ule, fedha hii ingetumika? Kama isingetumika, ni gharama ya safari, na inakatwa kwenye mauzo kabla ya mgao. Petroli, oili ya kuchanganya, chakula cha majini, betri za tochi, na ushuru wa samaki kama muuzaji ndiye anayeulipa, vyote vimo humo. Kama ingetumika hata boti ikilala nchi kavu, au ni ya kununua na kutengeneza kifaa, hiyo ni gharama ya chombo. Nyavu mpya, propela, mbao, rangi, leseni ya chombo: hizo hulipwa na tajiri kutoka kwenye nusu yake.

Sababu yake ni hii. Tajiri haingii majini. Nusu anayopewa ni malipo ya boti, mashine na nyavu zake. Akikata bei ya nyavu mpya kabla ya mgao, halafu akachukua nusu kwa sababu nyavu ni zake, wavuvi wamelipia nyavu zile mara mbili na bado si mali yao. Huo si utaratibu, ni dhuluma, hata kama mwalo mzima unafanya hivyo.

Petroli kwa nini isibebwe na tajiri peke yake? Kwa sababu anayeshika mashine ndiye anayeamua lita ngapi ziungue. Ikitoka kwenye mauzo ya wote, nahodha ana sababu ya kutega karibu pale samaki walipo badala ya kuzunguka bwawa zima, na wenzake wana sababu ya kumwuliza.

Hatua ya 2: Andika kila usiku, asubuhi ileile

Mistari miwili inatosha: mauzo na gharama za safari. Andika kilo na bei ya kilo, usiandike jumla peke yake, maana jumla haikaguliki. Kitoweo cha wavuvi kipimwe pia. Kubalianeni, kwa mfano, kilo moja kwa kila mtu kwa usiku bila malipo. Kinachozidi kihesabiwe kama mauzo kwa bei ya asubuhi hiyo, na aliyekichukua akatwe kwenye fungu lake.

Kwa boti yetu, petroli na oili ni shilingi 32,000 kwa usiku, chakula na vitu vidogo 18,000. Jumla 50,000. Wiki ilikwenda hivi:

- Usiku wa 1: mauzo 210,000
- Usiku wa 2: mauzo 145,000
- Usiku wa 3: mauzo 38,000
- Usiku wa 4: mauzo 260,000
- Usiku wa 5: mauzo 27,000
- Usiku wa 6: mauzo 180,000

Mauzo ya wiki ni 860,000. Gharama za safari, siku sita mara 50,000, ni 300,000.

Hatua ya 3: Funga hesabu kwa wiki, si kwa usiku

Hapa ndipo tajiri wengi huumia bila kujua. Angalia usiku wa 3 na wa 5. Mauzo hayakufikia gharama: upungufu wa 12,000, kisha wa 23,000, jumla 35,000. Ukigawa kila asubuhi, siku nne za faida zinaacha 595,000, na wavuvi wanaondoka na nusu yake, 297,500. Tajiri naye anapata 297,500, lakini petroli ya zile siku mbili mbaya aliitoa yeye, kwa hiyo amebaki na 262,500. Mmesema nusu kwa nusu, na haikuwa nusu kwa nusu.

Ukifunga kwa wiki: 860,000 toa 300,000 ni 560,000. Kila upande 280,000. Hasara ya usiku mbaya imebebwa na wote, kama faida ilivyobebwa.

Wavuvi wana hoja yao pia, na ni ya haki: nyumbani panahitaji unga kila siku. Wapeni posho ndogo ya kila asubuhi, iandikwe kama malipo ya awali kwa jina la mtu, ikatwe kwenye fungu lake siku ya mgao. Wiki nzima ikiisha na upungufu, amueni mapema kama utahamia wiki inayofuata. Mimi napendekeza uhamie wiki moja tu, kisha tajiri aufute. Deni likikaa mwezi, wavuvi huhama boti usiku, na huwezi kuwalaumu.

Hatua ya 4: Gawa nusu ya wavuvi kwa mafungu

Nahodha mafungu mawili, kila mvuvi fungu moja. Jumla mafungu 5. 280,000 gawa kwa 5 ni 56,000. Nahodha 112,000, kila mvuvi 56,000.

Sasa tuseme mvuvi mmoja alishachukua 20,000 kwa tajiri katikati ya wiki. Yeye anapokea 36,000 na ile 20,000 inarudi kwa tajiri. Isikatwe kwenye mauzo ya wote, la sivyo wenzake wamemlipia deni.

Hatua ya 5: Hakikisha fedha zinaisha mezani

Tajiri anapokea 300,000 za gharama alizotanguliza, 280,000 ya mgao na 20,000 ya deni: 600,000. Wavuvi wanapokea 112,000, 56,000, 56,000 na 36,000: 260,000. Jumla 860,000, sawa na mauzo. Ikizidi au ikipungua hata elfu mbili, usigawe mpaka ijulikane ilikokwenda. Fanyeni hesabu hii mbele ya wote wanne.

Hatua ya 6: Tajiri, usile nusu yako yote

Ile 300,000 si mapato yako, ni gharama za safari za wiki ijayo. Na ndani ya 280,000 kuna sehemu ambayo ni ya chombo. Tuseme nyavu za 1,200,000 zinadumu mwaka, boti ya 2,400,000 miaka sita, mashine ya 4,000,000 miaka mitano. Kwa mwaka ni 1,200,000 na 400,000 na 800,000, jumla 2,400,000. Ukivua wiki 40, kila wiki weka pembeni 60,000. Kilicho chako ni 220,000 kabla ya matengenezo madogo. Tajiri asiyeweka hii 60,000 ndiye anayekuja kukata nyavu kwenye mauzo ya wote zikichakaa. Akikata 60,000 pale juu, fungu la mvuvi linashuka kutoka 56,000 hadi 50,000.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Kizota: Mwalimu, mvuvi wangu mmoja aliumwa siku mbili kati ya sita. Nimpe fungu zima?*

Hesabu mafungu kwa usiku, kaka. Nahodha mafungu mawili mara sita ni 12. Wavuvi wawili waliotoka siku zote ni 6 na 6. Aliyeumwa ni 4. Jumla 28, na 280,000 gawa kwa 28 ni 10,000. Nahodha 120,000, wawili 60,000 kila mmoja, mgonjwa 40,000. Wenzake wamepata zaidi kwa sababu walivuta nyavu kwa niaba yake. Kama uliweka deiwaka kwa siku hizo mbili, mafungu yanabaki 30, na yale mawili ni ya deiwaka. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, na ni vizuri, toa kwenye nusu yako.

*Mama wa Nkuhungu: Mimi siendi Mtera, nahodha ananitumia fedha kwa simu. Nitajuaje kama mauzo ni ya kweli?*

Shikamoo mama. Usianze na bei, anza na petroli. Petroli ikibaki ileile wiki hadi wiki na kilo zikishuka kwenye boti yako peke yake, uliza. Linganisha na boti mbili za mwalo huohuo kwa siku ileile, siyo na mwezi uliopita, kwa sababu maji ya Mtera hupanda na kushuka sana kwa ajili ya umeme. Kingo zikirudi mbali, uvuvi hubadilika kwa kila mtu. Pia omba mnunuzi aandike kilo kwenye daftari lake na kusaini lako. Makato ya kutuma fedha yabebe wewe, maana ni wewe uliyechagua kukaa mjini.

*Mwanachama wa Ipagala: Wavuvi wangu wawili wana nyavu zao, wanazitega kutoka kwenye boti yangu. Bado nusu kwa nusu?*

Hapana. Nusu yako ilikuwa ya boti, mashine na nyavu kwa pamoja. Igawe kwanza. Ukitumia bei za hatua ya 6, nyavu ni nusu ya gharama ya chombo kwa mwaka, 1,200,000 kati ya 2,400,000. Kwa hiyo mkikubaliana kwamba nusu ya sehemu yako ni ya nyavu, na wao wana theluthi moja ya vipande vyote, theluthi ya 140,000, yaani karibu 46,700, ni yao kabla ya mafungu yao ya kazi. Na zikichakaa, wao ndio wanaonunua nyingine.

*Mwanachama wa Chang'ombe: Boti yangu iko Ziwa Victoria, ya dagaa wa taa. Wiki inanifaa?*

Huko funga kwa giza. Dagaa wa taa hawavuliki vizuri wakati wa mbalamwezi, boti nyingi hupumzika, kwa hiyo kipindi kinajifunga chenyewe na wavuvi wengi huenda makwao. Taa za sola na betri zake ni chombo, zako. Malipo ya kuchaji betri kila siku, au mafuta kama bado unatumia karabai, ni ya safari.

*Huyohuyo wa Chang'ombe: Na nyavu zikiibwa majini?*

Ni hasara yako, isipokuwa kama mlikubaliana zilindwe na wavuvi wakaondoka. Hata hapo kubalianeni kiwango kwa maandishi kabla hazijaibwa, na makato yasizidi robo ya fungu la mtu kwa wiki, apate cha kurudi nacho nyumbani.