Kabla ya kupima flajela na fimbria za E. koli

Amua kwanza unachotafuta. E. koli anayeambukiza kibofu cha mkojo huogelea kwa flajela na kushika ukuta kwa fimbria, na kwa kawaida hali inayochochea kimoja hupunguza kingine. Kwa hiyo andaa chupa mbili. Ukipima vyote kutoka chupa moja, kuna hatari ya kusema "hana" wakati anacho.

Chupa ya flajela isiwe na glukosi, maana sukari hiyo huzima utengenezaji wake. Otesha kwa nyuzijoto 30 na usome baada ya saa 4 hadi 6, bakteria wakiwa bado wachanga. Usiitikise kwa mashine: flajela ni uzi wa protini wenye unene wa nanomita 20 hivi, na hukatika kirahisi. Uzi wenyewe hutauona kwa hadubini ya kawaida bila rangi maalumu, bali utauona mwendo. Mota iliyo kwenye utando ikizunguka kinyume cha saa, nyuzi hukusanyika fungu moja na bakteria husonga mbele. Ikizunguka kufuata saa, fungu huachana naye hubiringika, kisha huanza upande mwingine.

Tumia tone linaloning'inia, na pakaa vaselini kuzunguka kishimo cha slaidi ili tone lisikauke. Hapa ndipo wengi hukosea. Wote wakielekea upande mmoja, huo ni mkondo wa maji. Wakitetemeka tu palepale, ni molekuli za maji zinazowagonga. Mwogeleaji wa kweli humwacha jirani yake na kushika njia yake. Weka pembeni tone la Klebsiela, asiyeogelea, ulinganishe.

Chupa ya fimbria iache itulie, bila kutikiswa, kwa nyuzijoto 37, saa 24 hadi 48. Bakteria waliotoka kwenye agari mara nyingi huwa wamezima fimbria zao, hivyo hamishia mchuzi mpya mara mbili au tatu kabla ya kukata tamaa. Fimbria aina ya 1 ni nyembamba zaidi, nanomita 7 hivi, na nchani zina protini FimH inayoshika sukari ya manosi iliyo kwenye ukuta wa kibofu.

Ili kupima fimbria hizo, osha chembe nyekundu za damu ya simbilisi mara tatu kwa maji ya chumvi, uzipunguze hadi asilimia 3. Andaa matone matatu: la kwanza chembe na bakteria; la pili chembe, bakteria na D-manosi; la tatu chembe peke yake. Zikigandana katika la kwanza tu, ni FimH. Zikigandana pia penye manosi, kuna kishikizi kingine. Tone la tatu likigandana, damu imeharibika. Tupa uanze upya.

Pili za kujamiiana, zinazounganisha bakteria wawili wanaopeana DNA, hazionekani kwa kipimo chochote kati ya hivi.