Kukamua kwa Mkono: Utaratibu wa Kumkabidhi Mkamuaji Mpya

Utaratibu huu ni wa shamba dogo lenye ng'ombe wa maziwa wachache, wanaokamuliwa kwa mkono asubuhi na jioni. Umeandikwa kwa mkamuaji mwenyewe. Mwenye shamba ausome naye bandani siku ya kwanza, kisha aubandike ukutani pale ndoo zinapohifadhiwa.

Kabla ya hatua yoyote, elewa jambo moja, kwa kuwa mengine yote yanalitegemea. Ng'ombe hushusha maziwa pale ubongo wake unapoachia homoni iitwayo oksitosini. Kiwele kikiguswa na kusafishwa, homoni hiyo husafiri kwenye damu na kufika kiweleni baada ya kama dakika moja. Nguvu yake hudumu dakika 5 hadi 7 tu. Ukishagusa kiwele, muda umeanza kuhesabiwa. Ukienda kutafuta ndoo, ukapokea simu au ukamwacha ng'ombe akisubiri, homoni itakwisha na maziwa yatabaki ndani. Maziwa yanayobaki kila siku humfanya ng'ombe apunguze uzalishaji, na yakiwa na vijidudu humpa ugonjwa wa kiwele.

Andaa kila kitu kwanza

Weka karibu ndoo ya kukamulia, kopo la maziwa lenye mfuniko, kitambaa safi cha kuchujia, ndoo ya maji ya uvuguvugu, vitambaa vya kufutia, kikombe chenye kitambaa cheusi juu na dawa ya kuchovya chuchu. Ndoo na kopo viwe vya alumini au chuma kisichoshika kutu. Plastiki hupata mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo uchafu wa maziwa hauondoki hata ukisugua. Kila ng'ombe awe na kitambaa chake. Kitambaa kimoja kikizunguka kwa wote, vijidudu vya mmoja huwafikia wengine.

Kucha ziwe fupi. Nawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, na urudie kunawa kila unapohamia kwa ng'ombe mwingine. Zoa samadi kabla ya kukamua, mapema kidogo, ili vumbi na harufu vitulie. Weka chakula horini.

Wewe ni mgeni kwa ng'ombe hawa, na ng'ombe anayeogopa hutoa adrenalini inayozuia oksitosini. Siku za mwanzo simama na mkamuaji wa zamani au mwenye shamba ili wakuzoee. Usipige, usipige kelele, na mbwa asiingie bandani wakati wa kukamua.

Nani aanze

Anza na mtamba aliyezaa kwa mara ya kwanza, maana kiwele chake bado ni safi. Wafuate wakubwa wenye afya, kisha aliyewahi kuugua kiwele. Anayeumwa au anayetibiwa awe wa mwisho, na maziwa yake yaende kwenye ndoo ya pekee. Bakteria aina ya stafilokoka huenea zaidi kwa mikono na vitambaa, kwa hiyo mpangilio huu peke yake hukinga sana.

Kukamua ng'ombe mmoja, mwanzo hadi mwisho

Futa chuchu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu. Usimwagie kiwele chote maji, kwani yatatiririka na uchafu hadi kwenye chuchu na kudondokea ndooni. Kausha kabisa.

Kamua mikupuo miwili au mitatu ya kwanza ya kila chuchu juu ya kikombe chenye kitambaa cheusi. Tazama kama kuna mabonge, nyuzi, damu au maji maji. Mikupuo hiyo usiiangushe sakafuni, hata kama maziwa yanaonekana mazuri, kwa sababu ng'ombe atalalia hapo hapo. Ukiona dalili yoyote, mtoe kwenye foleni, mwambie msimamizi, na umkamue mwisho.

Kikombe hiki kina mpaka wake: hakionyeshi ugonjwa uliojificha, ambao maziwa yake ni meupe kama kawaida. Huo hupimwa kwa dawa ya CMT. Msimamizi huchanganya dawa na maziwa kwa kiasi sawa na kuzungusha taratibu. Mchanganyiko ukiwa mzito na wenye utelezi kama ute wa yai, chuchu hiyo ina ugonjwa.

Sasa anza kukamua. Bana sehemu ya juu ya chuchu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi juu, kisha finya kwa vidole vingine kimoja baada ya kingine kwenda chini. Usivute chuchu kwa vidole viwili. Kuvuta hujeruhi ngozi ya ndani, na jeraha huwa mlango wa vijidudu. Usichovye vidole kwenye maziwa ili vilainike. Kamua bila kusita hadi maziwa yaishe, bila kung'ang'ania tone la mwisho.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni la mkamuaji mwenye bidii: anafuta viwele vya ng'ombe wote wanne kwa mpigo, ndipo anaanza kukamua. Kila ng'ombe akichukua dakika 7, wa nne atafikiwa baada ya dakika 21, wakati oksitosini yake imekwisha zamani. Utasikia akilaumiwa kuwa anaficha maziwa. Futa mmoja, kamua huyo, malizana naye, kisha nenda kwa mwingine.

Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa yenye iodini papo hapo. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi baada ya kukamua, kwa hiyo mwongezee majani ili aendelee kusimama, asilale.

Maziwa yaliyotoka

Chuja, funika, na yapeleke kivulini au kwenye maji baridi mara moja. Maziwa hutoka yakiwa na joto la mwili, na katika joto hilo bakteria huongezeka haraka. Yafike kituo cha kukusanyia ndani ya saa 2 kama hamna jokofu. Usichanganye ya jioni yenye joto na ya asubuhi yaliyopoa.

Vyombo suuza kwanza kwa maji baridi, kwani maji ya moto hugandisha protini ya maziwa kwenye chuma. Kisha osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi, suuza, na uvianike vikiwa vimeinama juu ya kichanja.

Ng'ombe aliyetibiwa

Tuseme Tausi ametibiwa chuchu moja kwa antibayotiki, na dozi ya mwisho imewekwa Jumatatu saa 11 jioni. Lebo inasema maziwa yasitumike kwa saa 72. Saa hizo zinatimia Alhamisi saa 11 jioni. Maziwa ya chuchu zote nne yamwagwe hadi hapo, maana dawa hupita kwenye damu. Alhamisi jioni kama mnaanza kukamua saa 10, yeye bado: akifikiwa kabla ya saa 11, mwaga tena. Ya Ijumaa asubuhi ndiyo ya kwanza kuingia koponi, ikiwa kikombe hakionyeshi mabonge na msimamizi ametia sahihi. Mfunge Tausi kamba nyekundu mguuni tangu siku ya dozi ya kwanza, na uandike daftarini jina lake, dawa, saa ya dozi ya mwisho na saa ya kuruhusiwa, ili anayekushikia zamu asimchanganye na wengine.