Jinsi ya kumpata mteja wa kwanza wa kazi ya kunukuu mahojiano

Mtafiti anayetafuta mtu wa kugeuza rekodi zake kuwa maandishi hujiuliza mambo mawili tu: je, maneno ya wahojiwa yatabaki kama yalivyosemwa, na je, siri zao zitalindwa? Anayeanza bila mteja anaweza kuyajibu yote mawili kabla ya kuulizwa, na hivyo ndivyo nilivyoanza mimi.

Kwanza, tengeneza sampuli yako mwenyewe. Muombe ndugu au jirani akubali kuhojiwa kwa dakika kumi kuhusu biashara yake, mrekodi kwa simu, kisha andika kila kitu, ukitenganisha mhojaji na mhojiwa na kuweka alama kama [haisikiki 03:15] pale sauti inapopotea. Usikisie neno, kwa sababu mtafiti akigundua neno moja la kubuni atazitilia shaka kurasa zote. Mhojiwa akisema "saa mbili asubuhi", andika hivyohivyo. Kubadilisha kuwa "8 a.m." ya Kiingereza ni kazi ya mfasiri. Rekodi ya mteja isiwe sampuli kamwe, hata ukifuta majina.

Pili, pima muda wako, kwani hapa ndipo wengi wanapoumia. Tuseme dakika kumi za sampuli zilikuchukua dakika 52 kuandika na 13 kusikiliza tena na kusahihisha, yaani dakika 65. Kila dakika ya sauti inakugharimu dakika sita na nusu za kazi. Ukitaka kupata shilingi 6,000 za Tanzania kwa saa, sawa na shilingi 100 kwa dakika, bei yako ni shilingi 650 kwa dakika ya sauti, na mahojiano ya dakika 48 yatakuwa shilingi 31,200 kwa kazi ya zaidi ya saa tano. Majadiliano ya kikundi yapimwe peke yake, maana watu wanaoongea kwa pamoja hukulazimisha kurudia sehemu ileile mara nyingi.

Tatu, waandikie wanafunzi wa uzamili walio katika hatua ya kukusanya data, ambao mara nyingi huwa na rekodi nyingi na muda mchache. Ujumbe uwe mfupi:

"Habari za kazi. Ninanukuu mahojiano ya Kiswahili neno kwa neno. Nimeambatanisha sampuli. Ukinitumia dakika tano za rekodi yako, nitaziandika bila malipo ili uone ubora, na faili nitalifuta ukiniagiza."

Dakika hizo tano zinakulinda wewe pia. Zikikuchukua saa nzima kwa sababu ya kelele za barabarani, hesabu bei upya kabla ya kukubaliana, kisha omba nusu ya malipo kabla ya kupokea mafaili mengine.