Somo: Kupitisha kamera ndani ya nyumba bila kushtuka (Blender)

Mfano wetu ni nyumba ya Capri Point, Mwanza: kamera inaingia mlangoni, inapita korido, inakata kona moja kushoto na kusimama sebuleni mbele ya dirisha la ziwa. Njia ina mita 12. Video ni sekunde 12, fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 1 hadi 301.

1. Ukiwa unatazama kutoka juu, chora njia kwa Add > Curve > Path, kisha inyanyue mita 1.5 kutoka sakafuni. Ukishaipanga, bonyeza Ctrl+A > Scale, halafu pima urefu kwenye Python Console:

```
sum(s.calc_length() for s in C.object.data.splines)
```

2. Chagua kamera, ifute nafasi na mzunguko wake kwa Alt+G na Alt+R. Usipofuta, itaelea pembeni ya njia. Ipe Follow Path, Target iwe ile njia. Washa Fixed Position na Follow Curve. Forward iwe -Z, Up iwe Y.

3. Weka alama za Offset Factor: fremu 1 thamani 0, fremu 51 thamani 0.1, fremu 251 thamani 0.9, fremu 301 thamani 1.

4. Kwenye Graph Editor, chagua alama ya kwanza, bonyeza T, weka Quadratic, kisha Ctrl+E, Ease In. Ya pili iwe Linear. Ya tatu Quadratic, Ease Out.

Kwa nini 0.1? Katikati kamera inakwenda 0.004 kwa kila fremu, sawa na mita 1.2 kwa sekunde. Anayeanza kutoka sifuri hadi mwendo huo kwa fremu 50 hufika nusu tu ya umbali ambao angefika kwa mwendo kamili: nusu ya 0.2. Ukiweka 0.15, kamera itafika fremu 51 ikiwa na 0.006, kisha ghafla ishuke hadi 0.00375. Mteja hajui hesabu, ila atauona huo mshtuko.

Wengi huacha alama mbili tu, mwanzo na mwisho, zikiwa na Bezier ya kawaida. Hapo mwendo wa katikati unapanda mara 1.5 ya wastani, na katikati ndipo kwenye korido nyembamba.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kwenye kona kamera inapenya ukutani. Nimeshusha Clip Start bado.*
Clip Start haihusiki kama kamera yenyewe imo ndani ya ukuta. Njia ya aina hii haipiti juu ya nukta zake, inakata kona kwa ndani. Isukume nukta ya kona kwa nje hadi mstari wenyewe uwe wazi.

*Na ikigeuka haraka mno?*
Kona ni kali. Kona ya nusu kipenyo cha mita 1.5 inachukua kama sekunde 2 kwa mwendo huu, inatosha. Korido ikibana, iingize kamera kwanza sebuleni ndipo uanze kuikunja.

*Mteja anataka sekunde 16.*
Thamani zibaki zilezile. Sogeza alama ziwe fremu 1, 68, 334 na 401. Mwendo utashuka hadi mita 0.9 kwa sekunde.