Somo: Windows na Ubuntu kwa diski mbili, kila moja ijisimamie

Wasee, wengi wanaongeza SSD ya pili wanaweka Ubuntu huko wakijua wametenganisha, halafu siku wanatoa diski ya Windows na Ubuntu nayo inakataa kuwaka. Kinachowashika ni ile patishoni ndogo ya EFI yenye faili za kuwasha mfumo. Instola ya Ubuntu, hasa 20.04 na 22.04, hupenda kuweka faili zake kwa EFI ya kwanza kuiona, na hiyo mara nyingi ni ya Windows, hata kama umeichagulia diski ingine.

Dawa ni kuificha Windows kabisa wakati unaweka Ubuntu. Tuseme una deskitopu ya HP ya mtumba kutoka Luthuli, Windows iko kwa NVMe ya 256GB na umeongeza SSD ya SATA ya 480GB.

Kwanza ukiwa ndani ya Windows, kama BitLocker imewashwa hifadhi recovery key mahali pengine, si kwa mashini hiyo hiyo. Fungua Command Prompt kama admin uzime Fast Startup, juu ikiwa on Windows haizimi kikamilifu na Ubuntu ikigusa faili zake unaweza kuharibu data:

```
powercfg /h off
```

Zima, chomoa waya wa stima, fungua ile skrubu moja uitoe NVMe. Chomeka flashi yenye instola ya Ubuntu, washa ukigonga F9, chagua flashi yenye imeandikwa UEFI. Sasa hata ukichagua "Erase disk and install Ubuntu" hakuna kitu ingine ya kufutwa. Ikimaliza iwashe hivo hivo bila NVMe, ikiwaka basi haitegemei mtu. Zima tena, rudisha NVMe, ingia Ubuntu uangalie:

```
findmnt /boot/efi
```

Ikikuonyesha /dev/sda1 uko sawa, ikikuonyesha nvme0n1p1 ujue imelala kwa Windows. Kuanzia hapo mfumo unachagua na F9.

Msee wa Pipeline: Nikitoka Ubuntu saa ya Windows inarudi nyuma masaa matatu, ni saa tatu usiku inaniambia saa kumi na mbili jioni, betri imekufa?

Betri iko poa. Ubuntu huandika saa ya UTC kwa mashini, Windows inaisoma kama ya hapa kwetu. Kwa Ubuntu andika hii, itakupa onyo lakini Kenya hatubadilishi saa na misimu kwa hivyo haitakusumbua:

```
timedatectl set-local-rtc 1
```

Dada wa Rongai: Menyu ya GRUB haina Windows, niiongeze?

Mi ningeiacha. Windows iko na EFI yake, F9 inakufikisha moja kwa moja hata siku GRUB imeharibika.

Msee wa Pipeline: Na kama nishaweka bila kutoa diski?

Kama Ubuntu bado haina vitu zako, rudia tu NVMe ikiwa nje, ni haraka kuliko kuhamisha EFI kwa mkono.